Picha ya mtoto wa mbwa wa mbegu isiyojulikana: mwandikie daktari hivi

"Wakuu, nimenunua mtoto wa mbwa hapa Sakina, Arusha. Muuzaji kasema ni Jemani Shepadi wa miezi minne. Nataka nimtumie daktari wa mifugo picha anitambulie mbegu. Nimwandikie nini?"

Mkuu, mbegu iwe swali la mwisho, la kwanza liwe umri. Kwa picha daktari atakisia tu mbegu, maana rangi nyeusi yenye kahawia miguuni wanayo hata mbwa wengi wa kienyeji. Umri anaweza kuukadiria vizuri ukimwonyesha meno, na ratiba ya chanjo yote inategemea huo umri.

Mimi niko Moshi, wangu nilimpata Kiboriloni kwa maelezo hayohayo ya miezi minne. Ujumbe niliomtumia daktari ulikuwa hivi:

"Shikamoo daktari. Nina mtoto wa mbwa dume, nimemnunua jana, mama yake sikumwona na kadi ya chanjo hana. Naambiwa ana miezi 4. Uzito kilo 2 na nusu. Ni mweusi, kifua na miguu kahawia, ncha ya mkia nyeupe. Masikio yote yamelala, macho bado yana ubuluu kwa mbali. Miguu ya nyuma ana kidole cha ziada upande wa ndani. Meno ya mbele ni madogo, yamechongoka na yamebanana, jino la mwisho kule nyuma ndiyo kwanza linachungulia. Fizi ni za pinki. Tumbo limejaa hata kabla hajala, choo laini, damu hakuna. Anakula na kucheza. Shingoni ana viroboto. Naomba unikadirie umri, uniambie nianze lini dawa ya minyoo na chanjo."

Picha nilipiga mchana kivulini, simu ikiwa usawa wa mbwa, siyo kutokea juu, kwa sababu ukipiga kutoka juu kichwa kinaonekana kikubwa na miguu mifupi. Moja ya ubavuni akiwa amesimama, moja ya uso, moja ya tumbo. Ya meno ndiyo yenye kazi: mtu mmoja anampakata, anainua mdomo wa juu kwa kidole gumba bila kumtanua taya, mwingine anapiga mbele kisha pembeni. Uzito nilipanda kwenye mizani nikiwa nimembeba, nikapanda tena peke yangu, nikatoa.

Daktari akajibu kwamba ni wa wiki 6 au 7. Meno ya utotoni ya mbwa ni 28, na kwa kawaida yanakuwa yametoka yote akifika wiki 8 hivi. Wangu la mwisho lilikuwa bado linatoka. Angekuwa na miezi minne, meno ya katikati mbele yangekuwa yameanza kung'oka na kupisha ya ukubwani, ambayo ni mapana zaidi. Ubuluu wa macho nao ulielekea hukohuko, ila huo peke yake hautoshi.

Sasa ona hasara ya kuamini ile miezi minne. Mtoto wa mbwa anapata kinga kwenye maziwa ya kwanza ya mama yake, na kinga hiyo ikiwa bado ina nguvu inaizima chanjo. Inapungua kidogo kidogo, na kila mbwa ana wakati wake. Ndiyo maana chanjo ya pavo na distempa, magonjwa ya virusi yanayoua watoto wa mbwa, inaanza wiki ya 6 hadi 8, inarudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka afikishe angalau wiki 16. Ukidhani ameshafika huko, unamchoma mara moja na kuacha, halafu pavo inamkuta hana kinga ya mama wala ya sindano. Ya kichaa cha mbwa kwa kawaida wanachoma akifika miezi mitatu, kwa hiyo wangu alisubiri.

Kwa lile tumbo daktari alihisi minyoo, ambayo watoto wa mbwa huipata tangu tumboni mwa mama na kwenye maziwa. Dozi yake hupimwa kwa kilo, ndiyo maana uzito usiukadirie kwa macho.

Kuhusu mbegu, alisema hawezi kuthibitisha. Masikio ya Jemani Shepadi nayo hulala utotoni, na kile kidole cha nyuma kinatokea kwa mbwa wa aina nyingi. Wangu amekua, sikio moja limesimama, jingine limekunjika nchani. Namwita chotara, na analinda geti vizuri sana.

Kabla hujatuma chochote, mfunue mdomo leo uangalie fizi. Zikiwa nyeupe, au akitapika na kuharisha damu, usisubiri majibu ya picha. Mfunge kwenye kitambaa umpeleke kliniki, na uwapigie kwanza wakuambie pa kupitia, kwa sababu pavo inaambukiza mbwa wengine waliopo pale.