Dodoso la habari kwa wanafunzi: kwa nini karibu wote wanajibu "Ndiyo"?

Swali: Ninafundisha sekondari hapa Tanga na ninaandaa utafiti wa shahada ya uzamili kuhusu jinsi wanafunzi wa kidato cha kwanza hadi cha nne wanavyofuatilia habari. Nilijaribu swali hili darasani: "Kwa kuwa habari ni muhimu kwa mwanafunzi, je, huwa unafuatilia taarifa ya habari mara kwa mara? Ndiyo / Hapana." Karibu darasa zima limejibu Ndiyo, na siamini. Nilirekebishe vipi?

Jibu: Mwalimu, una haki ya kutoamini. Mwanafunzi amesoma maneno "kwa kuwa habari ni muhimu" kabla hajaulizwa lolote, kwa hiyo akijibu Hapana anakuwa amekiri kwamba hajali jambo muhimu, tena mbele ya mwalimu wake. Ila ukifuta maneno hayo peke yake hujamaliza kazi. "Huwa" inamfanya ajieleze yeye ni mtu wa namna gani badala ya kukumbuka alichofanya, na "mara kwa mara" kwa mmoja ni kila usiku, kwa mwingine ni Jumapili tu anapokwenda kwa mjomba wake. Tena "taarifa ya habari" inamtoa kabisa yule anayesoma habari kwenye kundi la WhatsApp la familia lakini hakai mbele ya televisheni saa 2 usiku.

Hata watu wazima hujiongezea. Mwaka 2009 mtafiti Markus Prior alilinganisha Wamarekani waliosema wanatazama taarifa ya habari ya televisheni na vipimo vya mitambo iliyorekodi utazamaji wa kweli. Waliosema wanatazama walikuwa, kwa wastani, mara 3 ya waliotazama. Sehemu kubwa ya tatizo ni kwamba mtu hakumbuki mazoea yake; anayakadiria, na akikadiria huwa anazidisha.

Kwa hiyo uliza kuhusu jana, si kuhusu mazoea. Anza na maelezo yanayofungua milango yote miwili:

"Fikiria jana, tangu ulipoamka hadi ulipolala. Wanafunzi wengine walipata habari za mambo yanayotokea Tanga, nchini au duniani; wengine hawakupata. Hapa hakuna jibu zuri wala baya."

Kisha weka jedwali, kila njia mstari wake, na kila mstari una Ndiyo na Hapana za kuzungushia duara: redio, televisheni, gazeti la karatasi, simu au kompyuta, iwe yako au ya mtu mwingine, kuambiwa na mtu ana kwa ana, tangazo au mazungumzo shuleni. Usimwambie "weka alama ya vema panapohusika". Mwanafunzi aliyechoka huweka alama mbili za juu akaacha zilizobaki, nawe hutajua kama mstari mtupu ni Hapana au hakuusoma. Tayarisha pia nakala mbili zenye mpangilio tofauti wa mistari, ili redio isifaidike kwa kuwa ya kwanza siku zote.

Maneno "iwe yako au ya mtu mwingine" yasikose. Shule haziruhusu wanafunzi kuwa na simu, hivyo swali "Je, una simu?" kwa mwanafunzi wa bweni linasikika kama upekuzi, na atakanusha. Unachohitaji ni kama habari ilimfikia kwa njia hiyo, si nani mwenye simu.

Amua pia mapema habari ni nini. Muulize mwanafunzi wa Makorora kama jana alipata habari: mmoja atahesabu matokeo ya Coastal Union, mwingine ataona huo ni mpira tu. Usimwachie kila mtu aamue. Baada ya jedwali uliza, "Jana ulisikia, ulisoma au uliona chochote kuhusu...", halafu taja mada moja moja: siasa na serikali, michezo, bei za vitu, hali ya hewa, wasanii, nchi za nje. Wakati wa uchambuzi utaweza kuhesabu pamoja na michezo au bila michezo, na msomaji ataona umefanya nini.

Jana moja haielezi wiki. Ukigawa madodoso Jumatatu tu, shule nzima itakuelezea Jumapili, na wa bweni wana ratiba tofauti na wa kutwa. Gawa mikondo katika siku 5 za masomo, na andika siku juu ya kila karatasi. Ijumaa na Jumamosi hazitapatikana kwa njia hii, maana kesho yake, siku ambayo ungewauliza, huangukia siku ambazo hawapo darasani. Liseme hilo wazi katika ripoti yako.

Ukitaka kujua wiki nzima, ongeza swali moja: "Katika siku 7 zilizopita, ni siku ngapi ulisikiliza habari redioni?" na uweke namba 0 hadi 7 azungushie. Jihadhari na makundi ya saa, kwa sababu hata orodha ya majibu inaweza kuelekeza. Katika jaribio la Ujerumani lililochapishwa mwaka 1985, Norbert Schwarz na wenzake waliuliza muda wa kutazama televisheni kwa siku. Waliopewa orodha yenye muda mfupi, inayoishia "zaidi ya saa 2 na nusu", ni asilimia 16.2 waliochagua muda huo wa mwisho. Waliopewa orodha inayoanzia "hadi saa 2 na nusu" na kupanda, asilimia 37.5 walisema wanatazama zaidi ya hapo. Watu huchukulia katikati ya orodha kuwa ndiyo kawaida ya wenzao, nao hujiweka karibu na hapo.

Maswali ya maoni, kama "Unadhani habari zina faida gani au hasara gani kwako?", yakae mwisho kabisa. Yakitangulia, mwanafunzi ataona unapenda nini, na jedwali la jana litajibiwa kwa kukufurahisha. Hata kichwa cha karatasi kina uzito: "Dodoso kuhusu siku ya mwanafunzi" kinafaa kuliko "Umuhimu wa habari". Andika lote kwa Kiswahili, ili usije ukapima uwezo wa Kiingereza wa kidato cha kwanza.

Kabla ya kuchapa nakala nyingi, keti na wanafunzi 6 hadi 8 mmoja mmoja, wakiwemo wa kidato cha kwanza. Asome swali kwa sauti, ajibu, kisha umuulize: "Kwa maneno yako, swali hili linauliza nini?" na "Umefikaje kwenye jibu hilo?" Akisema "nimeona ndivyo inavyotakiwa", swali bado linaelekeza. Akisema "jana umeme ulikatika, kwa hiyo nikasikiliza redio ya bibi", anakumbuka tukio, na swali linafanya kazi.

Ukitaka ushahidi wa namba, changanya nakala za swali la zamani na jipya, kisha zigawe kwa zamu katika darasa lilelile. Kwa wanafunzi 40 kila upande, tofauti iliyo chini ya takriban pointi 22 za asilimia inaweza kuwa bahati tu. Kwa 150 kila upande, kiwango hicho hushuka hadi kama pointi 11.

Siku ya kukusanya, asisimamie mwalimu wa darasa wala wewe unayewafundisha. Mtu wa nje awasomee maelezo, karatasi zisiwe na majina, na kila mmoja atumbukize yake katika sanduku lililofungwa. Na kwa walio chini ya miaka 18, idhini ya mzazi au mlezi iwe mkononi kabla ya siku hiyo, pamoja na kibali cha mkuu wa shule.