Kugawa soko, kuchagua kundi na kuiweka huduma: usizipike hatua tatu chungu kimoja

Kwenye kazi yangu ya kupitia mipango ya kampeni, sentensi ninayokutana nayo mara nyingi kuliko zote ni hii: "Walengwa wetu ni vijana wa mjini wa miaka 18 hadi 35 wanaotaka huduma rahisi na salama." Ukiisoma harakaharaka inaonekana imekamilika. Isome tena. "Vijana wa mjini" ni mgawanyo wa soko. "Walengwa wetu" ni uamuzi, lakini sababu yake haikutajwa. "Rahisi na salama" ni ahadi ya kampuni ambayo imevalishwa wateja kama vile ndiyo tabia yao. Hatua tatu zimebanwa kwenye mstari mmoja, na kampeni ikikwama hakuna anayejua hatua ipi irekebishwe.

Mfano ninaopenda kuutumia kuzitenganisha ni M-Pesa ilipoanza Kenya, kwa sababu kila hatua yake inaonekana peke yake.

Majaribio yalianza mwaka 2005, Safaricom na Vodafone wakishirikiana na taasisi ya mikopo midogo ya Faulu. Nia ilikuwa wakopaji walipe marejesho yao kwa simu. Wakopaji walilipa, lakini pia wakaanza kutumiana pesa wenyewe kwa wenyewe, na wengine wakaweka pesa kwenye simu kabla ya safari ili wasitembee na noti mfukoni. Hapo ndipo soko lilipojigawa. Angalia kwamba mstari wa kugawa haukupita kwenye umri wala kipato, ulipita kwenye kile ambacho mtu anafanya na pesa: yupo anayerejesha mkopo, yupo anayetuma kwa ndugu wa mbali, yupo anayepokea, yupo anayehifadhi akiwa njiani. Mlinzi na karani wanaweza kutofautiana sana kwa mshahara, lakini mwisho wa mwezi wote wawili wana mama kijijini anayesubiri.

Katika hatua hii hujachagua mtu bado. Unaorodhesha makundi na kueleza kila moja linafanyaje sasa hivi, bila kutaja huduma yako hata kidogo. Mimi hutumia kipimo kimoja: lifute jina la bidhaa kwenye ukurasa wa makundi. Kama maelezo yanabomoka, umeshaanza kuuza kabla ya kulijua soko.

Hatua ya pili ni kuchagua. Huduma ilipozinduliwa rasmi Machi 2007, aliyelengwa ni mtumaji wa mjini mwenye familia mashambani. Kwa nini si mpokeaji, ambaye ndiye mwenye shida ya pesa? Kwa sababu mtumaji ndiye anayeamua njia ya kutuma, ndiye anayelipa ada ya kutuma, na ndiye anayemvuta mwenzake. Bei nazo zilimfuata: kuweka pesa kulikuwa bure, kumtumia aliyesajiliwa kuligharimu shilingi 30, na kumtumia asiyesajiliwa kulikuwa ghali zaidi. Kwa hiyo mtumaji mwenyewe alikuwa na sababu ya kumwambia mama ajisajili. Uchaguzi wa kundi ambao haubadilishi bei wala mahali pa kuweka mawakala ni maneno ya kwenye slaidi tu. Huyu mtumaji alidai mawakala mjini na vijijini kwa pamoja, maana pesa iliyofika kwenye simu ya mama bila wakala wa karibu haijafika.

Ya tatu ni kuiweka huduma akilini mwa huyo aliyechaguliwa, na hapa swali ni: atailinganisha na nini? Mtumaji yule hakuwa akiifikiria benki. Alikuwa akimpa dereva wa basi bahasha, au anamwomba jirani anayesafiri, au anapitia posta. Ndiyo maana kaulimbiu ilikuwa tuma pesa nyumbani, pasipo kutaja teknolojia wala akaunti. Washindani wake ni bahasha na basi, na dhidi ya hao neno "haraka" lina uzito ambao lisingekuwa nao dhidi ya benki.

Wateja wakiuelewa ujumbe lakini hawatumii, mimi huanza kukagua hatua ya pili: bei na mawakala. Wakitumia kwa jambo ambalo hukulitangaza, rudi kwenye ya kwanza, kama majaribio yale yalivyoonyesha. Wakikulinganisha na kitu usichokitarajia, kasoro iko kwenye ya tatu, na hiyo ndiyo nafuu kuirekebisha.

Nafasi iliyoshika vizuri nayo ina mipaka yake. Anayetuma nyumbani si lazima awe ndiye anayetaka kuweka akiba. Novemba 2012, Safaricom na Commercial Bank of Africa walipoleta akiba na mikopo kwenye simu zilezile, waliipa huduma hiyo jina lake: M-Shwari.