Kutoka kujua hadi kwenda: jinsi ya kumfikisha mjamzito kliniki kabla ya wiki ya 12

Utafiti wa afya na idadi ya watu uliofanyika Tanzania mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kwamba asilimia 98 ya wanawake waliojifungua katika miaka mitano iliyotangulia walihudhuria kliniki ya wajawazito angalau mara moja, ilhali waliofanya hudhurio la kwanza ndani ya miezi mitatu ya mwanzo walikuwa asilimia 24 tu. Takwimu hizo mbili zikisomwa pamoja, inaonekana wazi kuwa kliniki inafahamika na inakubalika, na kwamba bango linalosema "Mama mjamzito, hudhuria kliniki" linamwambia msomaji jambo analolijua tayari. Kinachokosekana ni kuwahi. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa yeyote anayeandaa kampeni ya afya ya uzazi ni kwamba kabla ya kuandika ujumbe wowote, ataje tendo moja kwa usahihi: nani afanye nini, wapi, na kabla ya lini. Kwetu, tulipofanya kazi hii katika wilaya moja ya Kanda ya Ziwa, tendo lilikuwa mjamzito kufika zahanati ya karibu kabla ya wiki 12 za ujauzito kutimia. Muda huo ndio unaotoa nafasi ya kutambua upungufu wa damu na kaswende mapema na kuanza matibabu, na kuwa tayari kwa dawa ya kukinga malaria, ambayo huanza kutolewa mwezi wa nne.

Baada ya kutaja tendo, inabidi kuwasikiliza watu, lakini si watu wowote. Njia ninayoiamini kuliko zote ni kuwahoji wanawake 45 waliofanya tendo hilo na wengine 45 ambao hawakulifanya, wote wa mazingira yaleyale, kwa maswali yaleyale: ni faida gani wanaiona katika kuwahi, ni hasara gani, nani anaunga mkono, nani anapinga, nini hurahisisha na nini hutia ugumu. Kisha majibu yanapangwa katika safu mbili na kulinganishwa. Jibu lililotajwa na makundi yote mawili kwa kiwango kinachokaribiana halifai kuwa msingi wa kampeni, hata likiwa limetajwa na karibu kila mtu, kwa sababu halielezi kwa nini mmoja alikwenda na mwenzake akabaki. Linalotafutwa ni jibu ambalo makundi yanatofautiana kwa takriban alama 15 za asilimia au zaidi. Hodari wa kubuni mabango hawaupendi ulinganishaji huu, maana mara nyingi unawanyang'anya ujumbe walioupenda.

Ndivyo ilivyokuwa kwetu. Faida za kliniki zilitajwa na pande zote mbili kwa ufasaha, wakati mwingine kwa maneno yaleyale ya redioni. Tofauti zilijitokeza kwingine. Wanawake waliochelewa walisema mimba changa haitangazwi, kwa kuwa inaweza kuharibika au kufanyiwa hila na wenye husuda. Walisema pia kwamba anayekwenda bila mume hurudishwa, au huagizwa kuleta barua ya mwenyekiti wa kitongoji kuthibitisha kuwa mwenza hayupo. Waliowahi hawakuwa na elimu kubwa kuliko wenzao. Wengi wao walikuwa na mama mkwe au wifi aliyewasindikiza, au walimfahamu muuguzi.

Hapa ndipo taaluma ya masoko ya kijamii, yaani kutumia mbinu za biashara kubadili tabia kwa manufaa ya jamii, inaposaidia kuliko mawasiliano matupu, kwa sababu inatulazimisha kuuliza bei. Huduma ya kliniki hutolewa bure, lakini mjamzito anailipia kwa siri yake kufichuka, kwa kuomba barua kwa mwenyekiti ambaye ni shemeji yake, na kwa siku nzima ya kupalilia inayopotea. Bei kama hiyo haishushwi kwa tangazo. Tulikaa na wahudumu wa zahanati na kukubaliana kwamba kumhimiza mwenza kufika kusigeuzwe kuwa sharti la kumhudumia mwanamke, na kwamba mwenye mimba changa aweze kuja siku yoyote ya kazi na kuingia chumba kilekile kinachotumiwa na wagonjwa wengine, ili asionekane kwenye benchi la wajawazito. Ni baada ya makubaliano hayo tu ndipo tulipoandika ujumbe, nao ulihusu mabadiliko hayo: unaweza kuja peke yako, siku yoyote, na hakuna atakayejua. Mpangilio huo nausisitiza, kwa kuwa mwanamke mmoja aliyeitikia wito kisha akarudishwa mlangoni hukatisha tamaa kitongoji kizima.

Ujumbe wenyewe ulihitaji kipimo cha muda ambacho mtu anaweza kukitumia nyumbani. Wataalamu huhesabu wiki kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, hesabu ambayo wanawake wengi hawaifanyi. Kwa mwenye mzunguko wa kawaida, kukosa hedhi mara ya kwanza ni takriban wiki ya nne, na mara ya pili ni takriban wiki ya nane. Hivyo tukasema: ukikosa hedhi mara mbili, nenda, na bado kulikuwa na wiki nne za akiba kwa mvua, msiba au nauli ya bodaboda. Alama hiyo ina mipaka. Haimfai anayenyonyesha ambaye hedhi haijarudi, wala aliyeacha karibuni sindano ya uzazi wa mpango, kwa kuwa hedhi yake inaweza kukosekana kwa miezi bila mimba. Kwa hao, mhudumu wa afya ngazi ya jamii alielekezwa kupendekeza kipimo cha mkojo mapema.

Mhudumu huyo hakuishia kutoa elimu. Kwa kila aliyemweleza hali yake aliuliza utakwenda siku gani, nani atabaki na watoto, na nani atakusindikiza, kisha akarudi kuulizia baada ya siku hiyo. Ujumbe wa simu unaweza kuongezwa hapo. Kampeni ya Wazazi Nipendeni, iliyozinduliwa mwaka 2012, iliwatumia waliojiandikisha kupitia namba 15001 ujumbe wa bure unaolingana na umri wa mimba. Hata hivyo, simu humkumbusha aliyekwisha kujiandikisha, na anayeficha mimba ndiye wa mwisho kufanya hivyo.

Katika kupima matokeo, usiwaulize watu kama wanalikumbuka tangazo. Fungua rejesta ya wajawazito, yaani kitabu namba 6 cha MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya, na utazame umri wa mimba katika hudhurio la kwanza. Tazama idadi pamoja na uwiano, kwa sababu uwiano wa waliowahi unaweza kupanda kwa sababu tu waliokuwa wakichelewa wameacha kuja kabisa. Angalia pia wanakotoka, maana zahanati iliyosifika kwa usiri huvuta wanawake wa kata jirani na kupandisha idadi bila kijiji chako kubadilika. Na ukikuta wiki 12 imeandikwa mfululizo ukurasa mzima, kaa na muuguzi umuulize anakadiriaje umri huo, kabla ya kuandika ripoti yoyote ya mafanikio.