Jibu: Bajeti ya mgeni wa harusi ya Nungwi

"Nimealikwa harusi Nungwi, natokea Dar. Laki sita zitanitosha?"

Ndugu yangu, zitatosha ukianza kuhesabu usiku wa kulala kabla ya nauli. Nungwi iko kaskazini kabisa mwa Unguja, mbali na bandari ya mjini, na sherehe ikiisha usiku usitegemee kuwahi boti ya kukurudisha Dar, kwa hiyo tenga usiku mbili. Mwaka jana nilipanga mmoja tu, nikalazimika kulipia wa pili kwa bei ya dharura.

Mimi ningegawa hivi: boti kwenda na kurudi 70,000, gari la kuchangia kutoka bandarini 40,000, chumba cha wawili kwa usiku mbili 180,000 kwa kila mmoja, na chakula 80,000. Sare ya kitambaa pamoja na fundi ni 100,000. Mpelekee mapema, kwani kushonewa haraka huongeza gharama. Ikiwa mchango umekwisha kuutoa kwenye kamati, zawadi yako iwe 50,000 ya kutunza, tena noti ndogondogo. Zinabaki 80,000, nazo usiziguse kwa matembezi ya baharini mpaka uthibitishe saa ya boti ya kurudi.