Softi stata ya pampu ya kisima, Mzakwe

"Softi stata inaonyesha hitilafu, nikiriseti motor inaruka moja kwa moja kwenye baipasi bila kupanda taratibu. Thairista imekufa?"

Fundi, usiiwashe tena kwanza. Zima swichi kuu, ifunge kwa kufuli, hakikisha hakuna umeme, kisha fungua nyaya za motor. Pima omu kutoka L1 hadi T1, halafu L2 hadi T2 na L3 hadi T3. Fezi moja ikisoma karibu na sifuri, usikimbilie kununua thairista: kontakta ya baipasi iliyoganda nayo husoma hivyohivyo. Kama baipasi iko nje ya softi stata, itenganishe upime tena. Sifuri ikibaki ni thairista, ikipotea ni kontakta.

Kuna ndugu amekujibu uongeze muda wa kupanda; yuko sahihi nusu. Hilo ni la baadaye, fezi zote tatu zikisoma kilo-omu zinazokaribiana. Hata hapo, pima volti wakati pampu inaanza. Kishikio cha fyuzi kilichoungua huonyesha 400 motor ikiwa imelala, halafu fezi moja inaanguka ikianza kuvuta. Linganisha pia ampea ulizoseti na za kwenye kibao cha motor.

Fundi, tuandikie namba ya hitilafu ilivyo kwenye kioo; bila hiyo siwezi kuamua kama tatizo ni umeme unaoingia au ni namna ulivyoseti.