Mzee wa mbele yako kwenye foleni ameshika fomu, utamsemeshaje

"Wakuu, leo nilikuwa foleni ofisi moja ya serikali, mbele yangu kuna mzee ameshika fomu anaigeuza geuza tu hajui aanzie wapi. Nilitaka nimsalimie nimsaidie ila nikaogopa, ataona namdharau au ataniona tapeli nataka vitambulisho vyake. Nyie huwa mnafanyaje?"

Mkuu, hofu zako zote mbili ni za kweli, nilishakutana nazo zote. Kazi yangu ya miaka ya nyuma ilikuwa inanipeleka kwenye hizo ofisi karibu kila wiki kupeleka makaratasi ya watu, kwa hiyo nimekaa foleni na wazee wengi sana na nimeharibu pia kabla sijajua.

Anza na salamu, na salamu yenyewe isiwe ya kumfikia nayo kwa nyuma ya sikio. Mtu mzima ukimsalimia kutoka nyuma anashtuka, kwanza kwenye foleni anajua ni wewe unataka kumpita. Sogea kidogo ubavuni akuone uso, toa hizo iafoni masikioni hata kama hakuna kinachopiga, inama kidogo, "Shikamoo mzee." Halafu SUBIRI. Hapo ndipo vijana wengi tunapokosea, tunasema shikamoo mzee naomba hiyo fomu nikusaidie, yote kwa pumzi moja. Mwache aitikie marahaba, na akishaitikia muulize za asubuhi, ameanza kusubiri saa ngapi, anatoka mbali au karibu, maneno mawili matatu tu ya kawaida. Hapo unampa nafasi ya kukusoma wewe ni mtu wa namna gani. Na mwanamke mwite mama, usikimbilie bibi, maana unaweza kumwita bibi mtu ambaye hajioni bibi kabisa na mazungumzo yakaishia hapo. Mzee na mama hazina hasara.

Kama hakusikia usipandishe sauti ukapiga kelele mpaka foleni nzima igeuke. Masikio yakizeeka yanaanza kupoteza sauti nyembamba, kwa hiyo ukipiga kelele sauti yako inapanda na anasikia vibaya zaidi. Sogea, mwangalie, shusha sauti iwe nzito kidogo, ongea taratibu. Hii itakusaidia pia baadae kwenye namba, sita na saba zote zinaanza na hiyo "s" ambayo haisikiki vizuri, nimeshaona mtu anaandika sita mahali mzee ametaja saba.

Sasa kuhusu kujitolea. Usiseme "nikusaidie kujaza?" moja kwa moja, kwa sababu hilo swali linamlazimisha akubali mbele za watu kwamba hawezi. Mimi huwa naisema fomu, simsemi yeye. "Mzee hizi fomu zao herufi ndogo kweli, hata mimi ya kwangu nimeirudia mara mbili, ukitaka tusomeane niko hapa nyuma yako." Basi, nageukia mambo yangu. Namwachia yeye ndio aamue. Akikupa "haya mwanangu, asante" huku fomu ameikumbatia kifuani, hiyo ni hapana na inatosha, usirudie. Akiinyoosha fomu hata kidogo kuja upande wako, hiyo ndiyo ndio.

Na kuna jibu moja utalisikia sana: "nimesahau miwani nyumbani." Mara nyingine ni kweli kabisa. Mara nyingine ni mtu ambaye hakupata kusoma na amelibeba hilo neno maisha yake yote kwa heshima. Wewe huna haja ya kujua ni ipi. Kitu cha kutofanya ni kumpa miwani yako au kuazima ya jirani! Niliwahi kufanya hivyo, kwa nia nzuri kabisa, nikamwazimia mama mmoja miwani ya mtu wa nyuma, akaivaa, akaiangalia ile karatasi muda mrefu, akanirudishia bila kusema neno na akaondoka foleni. Sijawahi kusahau uso wake. Ukiambiwa miwani imesahaulika jibu ni "usijali mama, mimi nitasoma wewe utaniambia niandike nini," basi, mnaendelea.

Kwenye hofu ya pili, ya kuonekana tapeli, mpe sababu ya kutokukuogopa. Kaeni pale pale foleni au kwenye benchi ambapo anaonekana na watu, usimwambie twende pembeni au twende nje. Kitambulisho kibaki mkononi mwake, akishike yeye na wewe unakili ukiwa unakiangalia, usikichukue, usikipige picha hata kama ni "ili niandike vizuri". Simu yake usiiguse, namba ya siri asikutajie, akianza kutaja mkatishe. Na pesa usipokee hata ya soda. Na ukiona ameondoka na mtu mwingine anayejiita ajenti pale mlangoni anayetaka alipwe kwa fomu ambayo dirishani inatolewa bure, unaweza kumwambia kwa upole "mzee, kwanza tuulize dirishani". Kabla hamjaanza mwambie pia wa nyuma yenu kwamba mpo kwenye foleni mnajaza tu, la sivyo nafasi inapotea na mzee ataona umempotezea.

Kujaza kwenyewe nikupe mfano mmoja. Mzee mmoja mstaafu, fomu ilikuwa ya kuhuisha taarifa zake za mafao, kurasa mbili. Nilimsomea kwanza fomu yote kuanzia juu mpaka chini kabla sijafungua peni, ili ajue anaulizwa nini na nini hakihusiki, na ile sehemu ya mwisho ya matumizi ya ofisi tulikubaliana hatuigusi. Halafu jina. Hapa tafadhali usiandike jina unavyolisikia. Kitambulisho chake kilikuwa na jina limeandikwa kwa namna moja na barua yake ya zamani ya kazini kwa namna nyingine, tofauti ya herufi moja tu, kama vile Hamisi na Khamisi. Mimi ningefuata masikio ningeandika la tatu. Kwa kawaida fomu inafuata kitambulisho, nikanakili herufi kwa herufi, kila kiboksi herufi moja, herufi kubwa, ila nikamwambia wazi, mzee hizi karatasi zako mbili hazifanani, ukifika dirishani lionyeshe hili mwenyewe kabla hawajaligundua. Hakuwa analijua hilo, miaka yote.

Tarehe ya kuzaliwa nayo ni hivyo hivyo. Wazee wengi watakwambia "nilizaliwa mwaka wa mvua kubwa" au watakutajia mwaka ambao sio ulioandikwa kwenye kadi. Usianze kupiga hesabu ya kumtafutia ule wa kweli, andika uliopo kwenye kitambulisho, maana ukiandika mwingine hata kama ndio sahihi fomu itarudi. Nilishafanya hilo kosa, nikasababisha mama wa watu asubiri tangu asubuhi mpaka mchana halafu akaambiwa akajaze upya. Kama kuna kipengele hamkielewi acheni wazi, weka alama ndogo ya penseli pembeni, ataulizia dirishani. Kukisia ni kubaya kuliko kuacha wazi.

Sasa na yule mzee mstaafu tukafika kwenye wanufaika, yaani nani apewe nini yeye akishaondoka. Hiyo sehemu nilisoma kwa sauti ya chini kabisa kwa sababu foleni ina masikio na huenda kuna jirani yake pale. Ana watoto watatu anataka wagawane sawa, na fomu inataka asilimia, jumla iwe 100. Mia kwa watatu haigawanyiki sawasawa. Nikamweleza hivyo, wawili watapata 33 na mmoja 34, akanyamaza. Akaniuliza "wewe ungefanyaje?" Hapo mkuu ndipo msaidizi anapaswa kujizuia, maana peni ni yako ila yale maneno ni yake, na ukitia wazo lako hapo kesho na keshokutwa watoto watauliza aliyeandika ni nani. Nikamwambia mzee hili ni lako, chukua muda, na kama unataka kujua kama wanakubali nukta tuulize kwanza. Mwenyewe akaenda dirishani akauliza, akaambiwa namba kamili tu. Akarudi akakaa kimya kidogo, halafu akaninong'oneza jina la yule wa kupewa 34. Sababu hakusema na mimi sikuuliza.

Tulipomaliza nikamsomea tena yote, safari hii alichosema yeye kama nilivyokiandika, na namba moja moja sio kwa mafungu. Alinisahihisha sehemu moja, namba ya simu, tarakimu mbili zilikuwa zimepishana. Bila ule usomaji wa pili ingeenda hivyo hivyo na asingepata ujumbe wowote.

Sahihi ni yake, hata kama mkono unatetemeka na inachukua dakika tatu, usimshike mkono kumwongoza na usije ukasaini kwa niaba. Kama anatumia dole gumba, ulizieni kwanza dirishani dole lipi na kama afisa anataka kushuhudia, sehemu nyingi wanataka liwekwe mbele yao. Wino uwe kidogo, ukiwa mwingi mistari inazibana na unapata doa jeusi tu. Na hizi mashine za alama za vidole zinawasumbua sana watu waliofanya kazi za mikono, vidole vimelika na ngozi imekauka, mashine haisomi. Afute vidole, avipulizie pumzi ya joto au apake mafuta kidogo sana afute, ajaribu tena, na ajaribu vingine. Ikigoma kabisa muulizie kwa afisa utaratibu mwingine upo upi, asiondoke tu na aibu akidhani kosa ni lake.

Kitu kingine, kuna fomu zenye nafasi ya aliyemsaidia mwombaji kujaza. Ukiikuta usiiruke. Andika jina lako kamili na usaini pale, kwamba umemsomea na ameelewa. Ukiona unasita kuandika jina lako hapo basi kuna kitu kwenye hiyo fomu hujakifanya sawa, rudi ukiangalie.

Yule mzee alipoitwa sikwenda naye mpaka dirishani, nilisimama hatua mbili nyuma. Afisa akaanza kuongea na mimi, "huyu mzee wako anataka nini?" Nikamwambia muulize mwenyewe. Akamuuliza, na mzee akamwekea zile karatasi mbili mezani, akamwonyesha ile herufi moja kwa kidole.