Mabano ya gari moja, na milioni 6 zilizonilaza macho

Juzi msomaji mmoja, mhasibu mwenye mwaka mmoja kazini, alinitumia picha ya rejista ya mali za kudumu. Akaandika: "Dada, nimekagua mistari yote, inakubali. Mkaguzi kairudisha. Nikague nini tena?" Nilipoifungua, kifua kilinibana, kwa sababu picha ya namna hiyohiyo iliwahi kunidhalilisha mbele ya watu.

Wakati huo tulikuwa tunafunga hesabu za 31 Desemba 2024. Tawi lilinitumia rejista kwa simu, imepigwa picha mezani, ukingo wa kulia umekatika kidogo. Nikaiandika upya kwenye Excel mstari kwa mstari: gharama, uchakavu limbikizi, thamani ya kitabu. Jumla ya thamani ya kitabu kwenye picha ilikuwa 61,480,000. Yangu ilitoka 67,480,000.

Nilitafuta mali ya 6,000,000 siku nzima, sikuiona. Saa mbili usiku nikafanya jambo ninalolijutia hadi leo: nikaweka mstari wa "marekebisho" wa milioni 6, nikafunga kompyuta.

Mkaguzi aliuona mstari ule kabla hata hajakaa vizuri. Aligawa tofauti kwa 2, akapata 3,000,000, akaitafuta kwenye safu ya thamani ya kitabu. Ilikuwa ya pikapu. Kwenye karatasi halisi ilikuwa ndani ya mabano, yaani hasi. Bano moja lilikatwa na ukingo wa picha, jingine lilimezwa na mstari wa jedwali. Mimi nikaandika chanya, na namba ikiwa hasi ukaiandika chanya, jumla hupotoka mara mbili yake. Bosi wangu alikuwepo. Hakusema neno, na ukimya ule uliniuma kuliko maneno.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba ningetoa tu uchakavu kwenye gharama, mstari ule ungejisema wenyewe. Gharama 48,000,000, uchakavu limbikizi 51,000,000. Mimi nilinakili thamani ya kitabu kutoka kwenye picha badala ya kuikokotoa. Usinakili safu hiyo kamwe. Ikokotoe wewe, kisha linganisha na picha.

Na hiyo 51,000,000 yenyewe ilikuwa kosa la tawi. Pikapu ilianza kutumika 1 Oktoba 2020, kwa kiwango cha 25% kwa mwaka kwa mstari ulionyooka, bila thamani ya masalio. Hiyo ni 1,000,000 kwa mwezi. Hadi mwisho wa 2024 ni miezi 51, lakini uchakavu ulitakiwa usimame mwezi wa 48, gharama ilipoisha. Gari linabaki kwenye rejista kwa thamani ya sifuri maadamu lipo, ila haliendelei kuchakaa vitabuni. Siku hizi natumia hii, C ikiwa gharama, D kiwango, E miezi:

```
=MIN(C2, C2*D2/12*E2)
```

Sasa nirudi kwa yule msomaji, mdogo wangu. Mistari yake ilikubali kweli: gharama kutoa uchakavu limbikizi ilileta thamani ya kitabu kila mahali. Tatizo ni kwamba uchakavu ukikosewa, thamani ya kitabu hulifuata kosa hilohilo, na mstari unaonekana safi. Jenereta lake: gharama 18,000,000, kiwango 12.5%, limeanza kutumika 1 Julai 2022. Rejista inasema uchakavu limbikizi hadi 31 Desemba 2024 ni 6,750,000, thamani 11,250,000. Ukitoa, inakubali. Ukianzia tarehe, ni miezi 30 kwa 187,500, yaani 5,625,000, na thamani inakuwa 12,375,000. Tofauti ni 1,125,000. Igawe kwa uchakavu wa mwezi: miezi 6 kamili. Mtu alihesabu mwaka mzima wa 2022.

Hapo usikimbilie kufuta. Soma kwanza sera ya uhasibu ya ofisi, kwa sababu zipo ofisi zinazotoza mwaka mzima katika mwaka wa ununuzi. Kama sera yenu inasema kwa miezi, ni kosa. Nilipomuuliza, akajibu sera yao ni ya miezi, kuanzia mali inapokuwa tayari kutumika.

Jamani, picha inadanganya. 3 na 8 hufanana kwenye karatasi iliyofifia, na ukizibadilisha tofauti huwa 5 ikifuatiwa na sifuri. Tofauti ikigawanyika kwa 9, angalia kama umegeuza tarakimu mbili, 54 ikawa 45. Vuta picha, soma tena mstari huo peke yake, na kama bado huoni, omba tawi lipige upya au lilete karatasi. Usikisie. Na ule mstari wa "marekebisho", nawasihi, msiuandike.

Jana usiku mdogo wangu alinitumia picha nyingine. Jenereta limeshasahihishwa, na chini yake amegundua friji mbili za mwezi huohuo wa Julai zenye miezi 6 ileile ya ziada.